Kuchagua karata zako za kwanza za taroti, na ukweli kuhusu zile za kupewa

Anayetaka kuanza taroti husikia mambo mawili kabla hajashika karata hata moja. La kwanza, asinunue mwenyewe: asubiri apewe, maana za kununua "hazisemi". La pili, achague zile zinazomvuta macho. Watu wengi wamekaa miaka wakingojea zawadi isiyokuja, na wengine wengi wana pakiti nzuri ajabu kabatini wasizoweza kuzisoma. Jambo linaloamua ni jingine kabisa: ukiitazama karata, picha yake inakuambia kitu bila kufungua kitabu? Mwongozo huu unafuata swali hilo, kuanzia dukani hadi kwenye zawadi uliyopewa na binamu.

Hatua ya 1: Hakikisha unachokishika ni taroti

Pakiti ya taroti ina karata 78. Kati ya hizo 22 ni turufu, zenye majina kama Mpumbavu, Mwezi, Mnara, Jua na Kifo, na zina namba kuanzia 0 hadi 21. Zilizobaki 56 zimegawanyika katika aina nne, kila aina karata 14: ree hadi kumi, kisha ghulamu, mpanda farasi, malkia na mfalme.

Ukiwa umewahi kucheza karata barazani, nusu ya msamiati unao tayari. Taroti ilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15 kama mchezo wa kawaida wa kuliana karata, na zile 22 zilikuwa turufu kwa maana ile ile unayoijua. Aina zake nne zilikuwa vikombe, panga, sarafu za dhahabu na marungu. Wareno nao walichora karata zao hivyo hivyo, na ndio waliotuachia kopa, shupaza, uru na pau. Kwa hiyo kwenye taroti kopa si moyo mwekundu, ni kikombe chenyewe. Shupaza ni upanga, uru ni sarafu, pau ni fimbo au rungu. Nitayatumia majina haya hapa chini.

Kwa nini kuhesabu? Kwa sababu madukani taroti hupangwa rafu moja na pakiti nyingine zenye karata 40 au 44, hazina aina nne wala turufu, kila moja ina neno la kutia moyo na picha ya malaika au ua. Zipo pia za Lenormand zenye karata 36, ambazo zina utaratibu wake kamili. Si vibaya kuzinunua, ila huwezi kujifunzia taroti. Soma kasha: pasipoandikwa 78, weka chini uendelee kutafuta.

Hatua ya 2: Jua koo tatu

Kuna mamia ya pakiti sokoni, lakini karibu zote zinatokana na koo tatu, na mwanafunzi akishajua koo hizo uchaguzi unakuwa mwepesi.

Ukoo wa kwanza ni wa Marseille, wa Kifaransa, mkongwe kuliko zote tatu. Turufu zake zimechorwa watu na vitu, lakini karata za namba hazina hadithi: tano ya kopa ni vikombe vitano na majani yaliyojisokota, basi. Anayezisoma anategemea maana ya namba na aina, au namna michoro inavyoelekeana. Ni njia yenye nidhamu na wapenzi wake ni wakali, lakini karata 40 kati ya 78 zitakaa kimya mpaka uwe umejifunza mfumo.

Ukoo wa pili ulitoka London mwezi Desemba 1909, ukachapishwa na kampuni ya William Rider. A. E. Waite ndiye aliyebuni mpango, na mchoraji alikuwa Pamela Colman Smith, mwanamke aliyezaliwa London na kuishi sehemu ya utoto wake Jamaika. Alifanya jambo moja lililobadilisha kila kitu: akachora tukio lenye watu kwenye karata za namba pia. Tano ya kopa ikawa mtu aliyejifunika joho jeusi, ameinamia vikombe vitatu vilivyomwagika, na nyuma yake viwili vimesimama wima asivyoviona. Ng'ambo ya mto kuna ngome, na daraja la kufikia huko lipo. Hapo hata asiyejua chochote kuhusu taroti ana la kusema. Ukoo huu huitwa Rider-Waite-Smith, na pakiti nyingi za kisasa, ziwe za paka au za bahari, ni ule ule uliovalishwa nguo nyingine.

Ukoo wa tatu ni Thoth, uliobuniwa na Aleister Crowley na kuchorwa na Frieda Harris kati ya mwaka 1938 na 1943. Ni mzuri wa kutisha. Karata za namba zina michoro ya maumbo na rangi, na chini yake neno moja kama hukumu. Nyuma ya kila mchoro kuna unajimu na mafundisho ya siri ya Wazungu wa karne ya 19, na bila hayo unabaki na neno lile tu.

Ushauri wangu kwa anayeanza hauna kona: chukua Rider-Waite-Smith au mtoto wake wa karibu. Si kwa sababu ni bora kuliko nyingine kwa kila mtu, bali kwa sababu vitabu vingi, masomo mengi na watu wengi utakaowauliza wanazungumzia picha hizo. Mwalimu akisema "tazama viatu vya yule mtu wa saba ya pau", utaona kweli kwamba mguu mmoja umevaa kiatu na mwingine buti. Ukiwa na pakiti nyingine, unatazama fimbo saba.

Tahadhari moja ndogo: katika ukoo wa London Nguvu ni namba 8 na Haki ni 11, wakati kwa Marseille ni kinyume. Ukiona kitabu chako na karata zako zinapishana hapo, usidhani pakiti ina kasoro ya uchapaji. Una kitabu cha ukoo mmoja na karata za mwingine.

Hatua ya 3: Jaribio la karata tano

Hapa ndipo wengi huruka, na ndipo penye faida kubwa. Kabla ya kulipa, tafuta picha za pakiti yote, si zile sita za mbele ya kasha. Wauzaji huonyesha Jua, Mwezi, Nyota, Wapenzi na Malkia, kwa sababu hizo hupendeza daima. Tatizo la pakiti dhaifu hujificha kwenye namba za katikati. Kwa hiyo tazama hizi tano: tano ya kopa, nane ya shupaza, sita ya uru, saba ya pau, na mpanda farasi yeyote.

Kwa kila moja jiulize: hapa kunatokea nini? Sema kwa sauti, sentensi moja, bila kutafuta maana mahali popote. Ukiitazama nane ya shupaza ya Pamela utasema, "Mwanamke amefungwa kitambaa machoni na kamba mwilini, amezungukwa na panga, lakini miguu haijafungwa." Umeshaanza kusoma. Kwenye pakiti nyingine, nane hiyo ni msichana mrembo ameshika ua, panga nane zimechorwa angani kama pambo. Utasema nini? "Msichana mrembo." Na karata ya pili? "Msichana mrembo mwingine." Pakiti ya namna hiyo utaipenda wiki moja.

Ukiweza kutoa sentensi kwa karata nne kati ya tano, pakiti hiyo inakufaa. Ukiweza mbili, iache hata kama imekuvuta vipi. Mvuto si kitu cha kudharau, kwa sababu hutashika kila siku kitu kinachokuchukiza, ila uupe nafasi ya pili: utumie kuchagua kati ya pakiti mbili zilizofaulu jaribio.

Mtu mwenye ngozi nyeusi anaweza pia kuuliza kama anajiona humo. Picha za 1909 ni za Ulaya ya kale, watu wake karibu wote ni weupe. Siku hizi zipo pakiti nyingi zilizochora upya matukio yale yale kwa watu weusi. Hizo nazo zipitishe kwenye jaribio hilo hilo; baadhi zimehifadhi tukio, na baadhi zimebaki na picha za sura tu.

Hatua ya 4: Mkono, karatasi na hewa ya kwenu

Ukubwa wa kawaida wa taroti ni takribani milimita 70 kwa 120, mkubwa kuliko karata za kuchezea. Kama viganja vyako ni vidogo, kuchanga karata 78 za ukubwa huo ni kazi. Zitamwagika na utachoka. Toleo la mfukoni lina picha zile zile, linachangwa vizuri, na linaingia kwenye mkoba pasipo mtu kujua. Hilo la mwisho si dogo. Katika nyumba nyingi zetu, za Waislamu na za Wakristo, karata za aina hii huhesabiwa kuwa ramli, na ramli imekatazwa. Kama unaishi na wazee wenye msimamo huo, au wewe mwenyewe unao, ni vizuri kulimaliza jambo hilo moyoni kabla ya kununua, si baada.

Hewa ya pwani nayo ina lake. Mombasa, Tanga, Unguja au Muscat, unyevu huingia kwenye karatasi, karata zikapinda na kugandana. Zenye mng'ao mkali kama plastiki hushikana zaidi. Zenye uso uliochapwa vijistari vidogo kama kitambaa cha kitani huteleza vizuri. Karata zenye kingo za dhahabu hufika zimegandana kingoni, na inabidi uzitenganishe moja moja, taratibu, kabla ya kuzichanga mara ya kwanza, la sivyo rangi inabanduka vipande vipande. Ziweke ndani ya kasha gumu, kasha ndani ya mfuko unaofungika. Watu husema zifungwe kwa hariri nyeusi. Hariri inapendeza, lakini haizuii unyevu.

Hatua ya 5: Usiuziwe bandia

Soko la mtandaoni limejaa nakala za wizi, na anayeanza ndiye huzinunua zaidi kwa sababu hajawahi kushika halisi. Dalili ya kwanza ni bei iliyo chini kupita kiasi kwa pakiti mpya yenye jina kubwa. Ya pili ni kutokuwepo kijitabu: ndani ya kasha unakuta kikaratasi chenye msimbo wa QR badala yake. Ya tatu ni picha yenyewe. Pamela alitia sahihi yake, herufi P, C na S zilizosukwa pamoja, kwenye pembe ya chini ya karibu kila karata. Iangalie kwa karibu. Kwenye chapa nzuri utaona mistari yake ikipishana. Kwenye nakala mbaya ni doa, au imekatwa nusu na ukingo. Rangi nazo huwa zimefifia au zimewaka kupita kiasi, na karata ni nyepesi zinazokunjika kama risiti.

Je, bandia "haisomi"? Husoma, kama picha zinaonekana. Tatizo lake ni la mkono na la haki: karata nyembamba hukunjika pembe ndani ya wiki chache, ukaanza kuitambua Mnara kwa mgongo wake, na mchoraji aliye hai hapati hata senti. Pamela mwenyewe alilipwa kidogo kwa michoro yake 78 na akalalamika kwenye barua yake. Tusiendeleze desturi hiyo.

Kama fedha hazitoshi, iko njia halali. Pamela alifariki mwaka 1951, na haki miliki ya michoro yake Uingereza na Umoja wa Ulaya iliisha, ikawa ya umma kuanzia Januari 1, 2022. Marekani ilikuwa imeshaisha zamani. Tafuta picha zilizonakiliwa kutoka pakiti za mwanzo, si matoleo yaliyopakwa rangi upya baadaye, maana hayo wachapaji wake hudai haki zao. Peleka kwa mchapaji wa mtaani. Kwenye karatasi ya A3 zinaingia karata 12 za ukubwa kamili, zikilala tatu kwa nne, kwa hiyo karatasi 7 zinatosha. Omba karatasi ngumu ya gramu 300, na mgongo uwe na rangi moja tu, kwa sababu mchoro wa nyuma usipolingana sawasawa karata hujulikana. Muhimu kuliko yote, zikatwe kwa mashine ya kukatia, si kwa mkasi. Karata iliyozidi wenzake milimita moja hujitokeza kila unapochanga, na utadhani inakutafuta.

Sasa, za kupewa

Imani kwamba karata za kwanza lazima zipewe imeenea sana, na wapo wanaoongeza kwamba za kuibiwa ni bora zaidi. Lakini tazama historia ya watu waliozifanya karata hizi kuwa za utabiri. Katika karne ya 18 Mfaransa aliyejiita Etteilla alichapisha taroti iliyotengenezwa mahsusi kwa kutabiri, akaiuza, na akafundisha kwa malipo. Pakiti ya 1909 nayo iliuzwa na mchapaji kama bidhaa nyingine yoyote, na kitabu cha Waite cha maelezo kikatolewa kuandamana nayo. Hakuna aliyewaambia wateja wasubiri. Taroti ya utabiri imekuwa kitu cha kununua tangu kuzaliwa kwake.

Ukiuliza inafanyaje kazi, jibu linakuwa hilo hilo. Ukichanga vizuri, kila karata ina nafasi moja kati ya 78 ya kuwa juu, iwe pakiti ilikuja na utepe wa zawadi au na risiti. Baada ya hapo kazi yote iko machoni na kichwani mwako. Chukua pakiti mbili za toleo moja, moja ya kupewa na moja ya kununua, mwambie rafiki azifiche, achague moja na kukupangia karata tatu bila kukuambia zimetoka wapi. Soma, andika, rudieni jioni kadhaa, kisha jaribu kukisia ipi ilikuwa ipi. Ni jaribio ambalo yeyote mwenye shaka anaweza kulifanya mezani kwake, na linamaliza ubishi kuliko maneno yangu.

Hata hivyo sitasema zawadi haibadilishi chochote. Inabadilisha mambo mawili, moja zuri na moja baya.

Zuri ni kwamba kilichotoka kwa mtu anayekupenda hukipi mgongo haraka. Unakitoa, unakishika, unakitazama. Na taroti hujifunzwa kwa kutazama karata hizo hizo mara nyingi, si kwa kingine. Mtu aliyepewa pakiti inayofaa na mama yake mdogo anaweza kweli kuendelea vizuri kuliko jirani aliyenunua pakiti nne mfululizo kwa sababu kila moja ilimchosha.

Baya ni kwamba mtoaji ndiye aliyechagua, na mara nyingi kachagua kwa kasha. Pakiti isipokufaa, adabu inakuzuia kusema. Unaendelea kuhangaika nayo, na kwa kuwa umeshaambiwa za kupewa ndizo zenye nguvu, unahitimisha kwamba mwenye kasoro ni wewe. Halafu kuna sauti ya mtoaji. Karata ulizopewa na mchumba mkaachana vibaya zitakuwa na mchumba huyo ndani ya kila Wapenzi na kila Shetani, na hapo husomi tena swali lililo mbele yako.

Kisa kimoja, karata kwa karata

Muuguzi mmoja wa Mombasa, kijana ninayemfahamu, aliletewa Thoth na binamu yake aliyekuja likizo kutoka Uingereza. Aliipenda, akaiwekea mfuko wa kitambaa, lakini usomaji wake haukuwa unakwenda. Alikuwa amepata mkataba wa kazi Muscat na muda wa kujibu ulikuwa unakaribia, akapanga karata tatu: nane ya shupaza, tano ya kopa, sita ya uru.

Chini ya karata hizo, katika Thoth, kumeandikwa maneno yenye maana ya kuingiliwa, kuvunjika moyo, na mafanikio. Juu yake kuna panga mbili ndefu zilizopitiwa na sita fupi, vikombe vitano vitupu, na mabamba sita yenye alama za sayari. Alama za sayari hakuzijua, kwa hiyo akasoma maneno, kutoka kushoto kwenda kulia: vikwazo, kisha huzuni, kisha mambo yatakuwa sawa.

"Dada, si inasema niende tu, nivumilie?" akaniuliza.

Sikumjibu. Nilizitoa karata zangu za Rider-Waite-Smith, nilizozinunua mwenyewe, nikatafuta zile zile tatu na kuzilaza chini ya zake, nikamwambia asahau maneno, anieleze anachokiona.

Alianza na nane. Mwanamke amefungwa macho na mikono. Akanyamaza, akasogea. "Miguu yake iko huru. Na panga hazijamzunguka zote, mbele pako wazi." Kwenye tano akaviona vikombe viwili vilivyosimama nyuma ya mwenye joho, kisha daraja. Kwenye sita akakaa muda mrefu kuliko zote. Tajiri amesimama, mkono mmoja umeshika mizani, mwingine unadondosha sarafu kwa watu wawili waliopiga magoti. "Huyu anatoa," akasema, "lakini mizani anayo yeye."

Kutoka hapo mazungumzo hayakuwa tena ya kwenda au kutokwenda. Yakawa ya mkataba: nani anashika pasipoti, saa za ziada zinalipwaje, akitaka kurudi kabla ya muda tiketi ni ya nani. Kufungwa macho kukawa ni kutokuisoma nakala nzima ya mkataba, ambayo wakala alikuwa amempa ukurasa wa kwanza tu. Siku iliyofuata akaidai nakala yote.

Karata zilikuwa zile zile kwa aina na namba. Swali lile lile, mtu yule yule. Tofauti ni kwamba pakiti moja ilimpa hukumu na nyingine ikampa kitu cha kutazama. Pakiti ya kununua ndiyo iliyomfaa, lakini usichukue hilo kama ushindi wa kununua: angekuwa amenunua Thoth na kupewa Rider-Waite-Smith, zawadi ndiyo ingeshinda. Thoth bado anayo. Anasema ataisoma siku atakapojifunza alama zake, nami naona atafanya hivyo.

Ukitaka kupewa, na ukipewa isiyofaa

Kama unathamini kupewa, omba kwa jina. Fanya jaribio la karata tano mwenyewe, chagua pakiti, kisha mwambie anayetaka kukupa: "Nataka Rider-Waite-Smith, ya ukubwa wa mfukoni, yenye kijitabu." Mtumie picha ya kasha. Fedha ni zake, mkono ni wake, uchaguzi ni wako. Kwa ndugu walioko ughaibuni njia hii inasaidia hasa, maana wao wanaweza kuipata kwenye duka la vitabu la kuaminika wakati wewe ungeagiza kwa kubahatisha. Wengine hununua wenyewe kisha humpa rafiki awakabidhi. Ni sawa, kama moyo wako unatulia hivyo.

Ukipewa iliyokwisha kutumika, kwanza zihesabu. Zipange mezani kwa mistari: turufu 0 hadi 21, kisha kila aina mstari wa 14. Pengo litaonekana mara moja. Karata moja ikikosekana, jibu hilo haliwezi kutoka kamwe, na hutajua kwamba halitoki. Kisha zigeuze zote migongo juu na utafute pembe iliyokunjika, doa la chai, alama ya kucha. Karata yenye alama moja ndogo mkono wako utaijua ndani ya siku mbili na utaanza kuikwepa au kuikata bila kukusudia. Kama ni moja au mbili, pakiti haifai kwa kusoma ila inafaa sana kwa kujifunzia: tundika karata moja ukutani kila siku uitazame ukinywa chai.

Ukipewa mpya isiyopita kwenye jaribio, shukuru, iweke, na nunua nyingine bila kungoja dalili. Mtoaji akiuliza, mwambie ukweli ulio mwepesi: unaanza na ile ya masomo, yake utaifikia. Kwa Thoth na Marseille hilo ni kweli kabisa.

Wiki ya kwanza

Pakiti ikishakuwa mkononi, usipange karata kumi kwa umbo la msalaba mkubwa unaouona kila mahali. Pitia zote 78 mara moja, picha juu, ukiweka kando zile ambazo huna la kusema. Marundo mawili. Kwenye Rider-Waite-Smith rundo la kimya kwa kawaida hujaa maghulamu, wapanda farasi, malkia na wafalme. Usishangae, hao huwasumbua hata wazoefu. Lakini kama rundo la kimya limezidi nusu, umekosea ukoo, si kipaji, na ni bora uibadilishe mapema wakati muuzaji bado anapokea.

Kisha vuta karata moja kila asubuhi. Andika kwenye daftari sentensi moja ya kinachotokea kwenye picha kabla ya kufungua kijitabu, na sentensi moja usiku kuhusu siku ilivyokuwa. Baada ya wiki chache, zisome tena zile za asubuhi peke yake. Zikiwa zimeanza kutaja vitu ambavyo mwanzo hukuviona, kama daraja lile la tano ya kopa, pakiti yako inafanya kazi. Zikiwa bado ni maneno ya kijitabu yaliyonakiliwa, rudi kwenye jaribio la karata tano na uchague upya.